Mwongozo wa Kuandika Barua ya Wasiwasi, na wa Kuiharibu

Ukitaka kumpoteza karani mzuri kabla ya mwaka kwisha, kisha ukutane naye tena mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, njia ni fupi. Andika Ijumaa saa kumi jioni, mteja akiwa ametoka kukufokea kwenye simu. Kichwa cha habari kiwe kwa herufi kubwa: YAH: KUZOROTA KWA UTENDAJI WAKO WA KAZI. Anza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu," halafu useme kwamba uongozi umesikitishwa sana na mwenendo wake wa siku za karibuni. Tarehe usitaje, idadi usitaje. Mtake ajieleze kwa maandishi ndani ya saa 48 kwa nini asichukuliwe hatua kali za kinidhamu. Piga mhuri, na ukiona haujakolea, piga wa pili. Nakala kwa Mkurugenzi, Mhasibu Mkuu, Meneja Mauzo na Jalada. Kisha mpe mhudumu aipeleke bila bahasha, kitabu cha dispachi mkononi, saa nne ya chai, wenzake wote wakiwa mezani.

Huo ndio mwongozo unaofuatwa katika ofisi nyingi, ingawa hakuna aliyewahi kuuandika. Nimeuweka mwanzo kwa sababu kila hatua yake inaharibu kitu ambacho baadaye hakirudi, na kwa sababu barua yenyewe, ikiandikwa vizuri, inaweza kuokoa ajira ya mtu. Barua ya wasiwasi ni ile anayoandikiwa mfanyakazi pale ubora wa kazi yake unapoonekana kushuka, kabla utaratibu wowote rasmi wa utendaji haujafunguliwa. Hapa nazungumzia sekta binafsi Tanzania. Watumishi wa umma wana taratibu zao.

Tuanze na zile saa 48, kwa kuwa ndizo zinazofichua kosa kubwa. Hazikutoka hewani. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataka mfanyakazi anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu apewe muda wa kutosha kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Kwa hiyo anayeziandika katika barua ya wasiwasi amekwishaingia kwenye njia ya nidhamu, pengine bila kujua. Kanuni hizo hizo zinatenganisha utovu wa nidhamu na utendaji usioridhisha. Aliyevunja sheria ya kazi kwa makusudi huulizwa kwa nini alifanya. Ambaye kazi yake haifikii kiwango huangaliwa ni nini kinachomzuia. Ukimtaka wa pili ajieleze kama wa kwanza, atajitetea, na ndivyo binadamu yeyote angefanya. Utapokea kurasa mbili za kukana na kuomba radhi kwa pamoja, na ndani yake hutapata hata sentensi moja inayokwambia kazi imekwama wapi.

Sheria haikulazimishi kuandika barua ya wasiwasi. Inachofanya ni kukungoja mbele. Siku ukimwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, wewe mwajiri ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba ulikuwa na sababu halali na kwamba ulifuata utaratibu wa haki. Kanuni za 2007 zinamwelekeza anayeamua aangalie mambo machache yanayoeleweka: je, kweli mfanyakazi hakufikia kiwango? Alikijua, au alitarajiwa kukijua? Kiwango chenyewe kilikuwa cha busara? Kwa nini hakukifikia? Alipewa nafasi ya haki ya kukifikia? Zinamtaka mwajiri achunguze sababu za kushuka kwa kazi na aone ni kiasi gani kimetokana na mfanyakazi mwenyewe. Pale inapohitajika, zinataka pia atoe mwongozo au mafunzo, na muda wa kujirekebisha. Kenya nako Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka mfanyakazi aelezwe sababu na asikilizwe, mwenzake au mwakilishi wa chama akiwepo, kabla ya kuachishwa kwa utendaji duni. Mtu aliyefukuzwa Tanzania ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume, na barua ya Ijumaa jioni itakuwa miongoni mwa karatasi za kwanza mezani.

Lakini nisingependa uiandike kwa kuiogopa Tume. Iandike kwa sababu huo ndio wakati ambao chanzo cha tatizo bado kinaweza kupatikana. Utaratibu rasmi ukishaanza, kila mmoja huchunga maneno yake.

Tuchukue kisa cha kubuni, lakini chenye sura ya vile vinavyotokea kila mwaka. Kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi Mwanza ina karani wa ankara mwenye miaka minne kazini. Kwa muda mrefu alikuwa akiandika ankara kama 400 kwa mwezi, na wateja walikuwa wakirudisha tatu hivi zenye makosa. Juni mwenzake aliyeshika tawi la Geita akaacha kazi, nafasi ikabaki wazi, na ankara za Geita zikahamishiwa kwake. Julai zikarudi ankara 10. Agosti zikarudi 12. Septemba, 14. Mkurugenzi akamwita afisa utumishi na kumwambia aandike barua, huyu mama ameanza kulegea.

Kabla ya kuandika neno lolote, afisa utumishi anapaswa kwenda kwenye faili la ankara zilizorudishwa na kuzitandaza mezani. Hapa ndipo barua inapoandikwa au kuharibika, kalamu ikiwa bado mfukoni.

Jambo la kwanza ni kulinganisha makosa na wingi wa kazi. Ankara 36 katika miezi mitatu zinatisha ukizitaja peke yake. Ila sasa karani anaandika ankara 640 kwa mwezi, yaani 1,920 kwa miezi hiyo mitatu. Awali katika kila ankara 1,000 zilirudi saba au nane. Sasa zinarudi karibu 19. Bado ni ongezeko kubwa, na hakuna haja ya kulificha, ila si lile la kutoka tatu hadi 14 ambalo mkurugenzi alikuwa nalo kichwani.

La pili ni kuzitenga kwa aina ya kosa. Kati ya zile 36, ankara 17 zilirudi kwa sababu ya bei. Zote 17 ni za Geita, na zote ziliandikwa Jumatatu asubuhi. Ukimuuliza meneja mauzo atakwambia kwamba bei mpya za Geita huanza kutumika Jumatatu, naye huzituma kwa ujumbe wa simu akipata nafasi, mara nyingi baada ya saa sita mchana. Kwa hiyo karani aliandika bei aliyokuwa nayo, na hapo hakuna alichokosea. Kosa ni la mpango wa kazi, na mwenye kuurekebisha ni meneja mauzo.

Zinabaki 19. Saba ni za idadi ya bidhaa, sawasawa na ilivyokuwa zamani ukizingatia wingi wa kazi. Kumi na mbili ni za TIN au jina la mteja kukosewa. Hizi ndizo mpya. Kabla ya Julai kosa la aina hiyo lilikuwa halizidi moja kwa mwezi. Tena si kosa dogo: TIN ina tarakimu tisa, na tarakimu moja ikikosewa, risiti ya EFD inakwenda kwa jina la mtu mwingine, na mteja aliyesajiliwa VAT anabaki na karatasi isiyomsaidia kudai kodi yake. Mteja wa namna hiyo hupiga simu kwa sauti ya juu, na ana haki. Ukiangalia tarehe za zile 12, utaona tisa zimeandikwa katika siku tatu za mwisho wa mwezi.

Sasa barua imepungua kutoka "utendaji wako umezorota" hadi "namba za TIN, mwisho wa mwezi." Nashikilia kwamba barua ya wasiwasi isiyoweza kupunguzwa namna hii haijawa tayari kuandikwa. Ikiwa umetandaza faili na hukupata mahali mahususi ambapo kazi imebadilika, basi ulichonacho ni hisia za mtu fulani. Kazi yako ni kwenda kumuuliza huyo mtu ameona nini na lini, na kumwacha karani aendelee na kazi.

Mkurugenzi atataka 36 ziandikwe zote, kwa hoja kwamba barua itakuwa na uzito. Hapa afisa utumishi asimame imara. Ankara moja tu ya bei ikiingia kwenye orodha, karani ataiona, atajua haikuwa kosa lake, na kuanzia hapo hataamini hata zile 12 ambazo ni zake. Kwenye Tume mambo yatakuwa hivyo hivyo.

Baada ya mezani ni mazungumzo, na barua ifuate mazungumzo, isiyatangulie. Mwite faragha, mwonyeshe zile 12, mwulize nini kinatokea siku hizo. Usimpe wewe jibu. Usiseme unadhani ana matatizo nyumbani, anaumwa, au ana ujauzito. Hayo akitaka kuyasema atayasema, na akiyasema yanakuwa siri na yanabadilisha njia nzima, kwa kuwa kudorora kwa kazi kunakotokana na ugonjwa kuna taratibu zake. Barua iandikwe kesho yake, ibebe yale mliyozungumza. Kwa karani wetu ingekuwa hivi:

"Yah: Namba za TIN katika ankara, Julai hadi Septemba.

Kama tulivyozungumza jana, ankara 12 ulizoandika katika miezi hii mitatu zimerudishwa kwa sababu TIN au jina la mteja limekosewa. Orodha yake imeambatishwa. Tisa ziliandikwa katika siku tatu za mwisho wa mwezi. Kabla ya Julai kosa hili lilikuwa halizidi moja kwa mwezi, ndiyo maana tunakuandikia mapema.

Tunatambua kwamba tangu Juni unashughulikia ankara za Mwanza na Geita kwa pamoja. Ankara 17 zilizorudi kwa sababu ya bei hazimo katika barua hii, kwa kuwa orodha ya bei ilichelewa kukufikia. Kuanzia sasa utaipata kila Jumamosi kabla ya saa nane mchana.

Ulituambia kwamba wateja wa Geita hawajaingizwa kwenye mfumo, hivyo unanakili taarifa zao kutoka kwenye karatasi za madereva, na kwamba mwisho wa mwezi karatasi hizo hukufikia saa kumi jioni. Wateja hao wataingizwa kwenye mfumo kabla ya tarehe 20 Oktoba. Oda zitakazofika baada ya saa tisa alasiri zitaandikiwa ankara kesho yake.

Tunatarajia ankara zitakazorudi kwa kosa hili zisizidi mbili kwa mwezi. Tutakaa pamoja kuangalia baada ya kufunga Oktoba, na tena baada ya kufunga Novemba. Ikiwa kuna jambo tumelikosea au tumelisahau, tueleze kwa mdomo au kwa maandishi, na jibu lako litawekwa pamoja na barua hii.

Barua hii si onyo. Ikiwa baada ya Novemba tatizo bado lipo, na vizuizi tulivyovitaja vimekwisha kuondolewa, huenda tukaanza utaratibu rasmi wa utendaji. Utajulishwa kwa maandishi kabla haujaanza."

Mambo mawili katika barua hiyo yanahitaji maelezo. La kwanza ni muda. Wengi huandika siku 14, kwa sababu siku 14 husikika vizuri. Karani huyu hukosea mwisho wa mwezi. Ukimpa siku 14 kuanzia tarehe 3 Oktoba, utampima katika majuma ambayo makosa yake ni machache, umpongeze, kisha tarehe 31 makosa yarudi na wewe useme amekudanganya. Muda upimwe kwa mzunguko wa kazi yenyewe. Hapa inahitajika miisho miwili ya mwezi: mmoja wa kuona kama marekebisho yamefanya kazi, na mwingine wa kuona kama yanadumu. Mpishi wa hoteli anaweza kupimwa kwa wiki tatu. Mwandaaji wa hesabu za robo mwaka hawezi.

La pili ni aya ya mwisho, inayotaja utaratibu rasmi. Mameneja wapole hupenda kuiondoa wakiona inatisha. Naelewa huruma hiyo, lakini naipinga. Mtu anayesoma barua yenye orodha ya makosa yake lazima atajiuliza inaelekea wapi, na usipomwambia, wenzake watamwambia, kwa maneno makali zaidi na yasiyo ya kweli. Mwambie waziwazi kwamba si onyo, na kinachoweza kufuata ni hiki, kwa masharti haya. Uiandike hivyo kama tu ni kweli. Kama mkurugenzi amekwishaamua kumwondoa na anatafuta karatasi ya kujazia jalada, usiandike barua ya wasiwasi hata kidogo. Itakuwa uongo kwa mtu aliyekufanyia kazi miaka minne, na uongo huo hujulikana: marekebisho yaliyoahidiwa hayafanyiki, tarehe za kukutana zinapita kimya, na tangazo la nafasi yake linatoka kabla ya Novemba kwisha.

Kuhusu kuifikisha, sina mengi. Mpe mkononi, ndani ya bahasha, mkiwa wawili. Akitaka mwenzake au mwakilishi wa chama awepo, mkubalie, ingawa hatua hii haikulazimishi. Saini yake iwe ya kuthibitisha kupokea tu, na iandikwe hivyo, asije akadhani anasaini kukubali. Nakala iwe moja, ya jalada lake la siri. Mhasibu Mkuu atakayetakiwa kuingiza wateja wa Geita kwenye mfumo apewe kazi hiyo kwa karatasi nyingine isiyotaja makosa ya mtu.

Kisha mwajiri atimize sehemu yake. Barua nyingi nzuri hufia hapa. Tarehe 20 Oktoba inafika, wateja wa Geita bado wako kwenye karatasi, mtu wa mfumo yuko safarini. Ukifika mwisho wa Oktoba katika hali hiyo, hesabu ya mwezi huo haifai kumpimia karani. Andika kwenye jalada kwamba marekebisho yalichelewa, sogeza kipimo hadi Novemba na Desemba, na mjulishe. Kanuni zinauliza kama alipewa nafasi ya haki. Nafasi huanza pale kizuizi kinapoondolewa, si siku barua iliposainiwa.

Matokeo ya karani wetu yanaweza kuwa ya namna tatu. Marekebisho yafanyike na makosa yaishe, jambo ambalo ningetarajia kwa mtu mwenye miaka minne ya kazi safi. Au yafanyike na makosa yapungue kidogo, labda matatu kwa mwezi. Hapo rudi mezani na utandaze tena, kwa sababu yaliyobaki yana chanzo kingine ambacho bado hamjakiona. Au yafanyike na makosa yabaki vilevile. Basi utaratibu rasmi una haki ya kuanza, na utaanza ukiwa na kiwango kinachojulikana, sababu zilizochunguzwa na nafasi iliyotolewa.

Matokeo hayo ya kwanza ndiyo hutokea mara nyingi, na ndiyo yanayosahauliwa kumaliziwa. Novemba inafungwa, ankara iliyorudi kwa TIN ni moja tu, meneja anafurahi kimyakimya na kuendelea na mengine. Karani naye anabaki na barua kwenye jalada isiyo na mwisho. Miaka miwili baadaye meneja mpya anafungua jalada, anakuta wasiwasi, hakuti jibu, na wakati wa kupandisha vyeo anampita. Kwa hiyo barua ya wasiwasi ina barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, inayopaswa kuandikwa wiki ile ile ya kikao cha mwisho na kupachikwa juu ya ya kwanza:

"Rejea barua yetu ya Oktoba kuhusu namba za TIN. Oktoba zilirudi ankara mbili, Novemba moja. Kiwango tulichokubaliana kimefikiwa na suala hili limefungwa. Ankara za Geita zitaendelea kufungwa saa tisa alasiri, na nafasi iliyo wazi tangu Juni imetangazwa."